Kalibu ikishafungwa, utengeneze chupa za wiki ngapi?

Kwenye viwanda vidogo na vya kati ugomvi wa Jumatatu asubuhi ni uleule. Mtu wa stoo anauliza kwa nini zimeletwa chupa 30,000 wakati wiki hii zinatakiwa 10,000 tu, na sasa hana hata pa kupita. Fundi wa mashine anajibu kwamba hawezi kufungua na kufunga kalibu, lile umbo linaloipa chupa sura yake, kila wiki kwa ajili ya chupa elfu mbili tatu. Mhasibu anasema hela imelala stoo. Siku hizi kuna na wa nne, programu ya kupanga uzalishaji. Hiyo haigombani na mtu, inatoa namba tu, na kwa kuwa imetoka kwenye kompyuta watu wanaiacha ipite.

Wote wanazungumzia kitu kimoja, ukubwa wa bechi: mashine ikishaandaliwa kwa bidhaa fulani, itoe nyingi kiasi gani kabla ya kubadilishwa? Zipo kanuni kadhaa za kujibu swali hilo, na tatu ndizo zinazochanganywa sana. Ya kwanza ni hitaji kwa hitaji, yaani unatengeneza kila wiki kile kinachotakiwa wiki hiyo. Ya pili ni kipindi maalumu, ambapo kila bechi inabeba mahitaji ya idadi fulani ya wiki. Ya tatu ni gharama ndogo kwa kipande, nayo inaongeza wiki moja moja kwenye bechi hadi gharama ya kila chupa ifike chini kabisa. Jina la hiyo ya tatu limewaponza wengi. Mtu akisikia "gharama ndogo" anadhani ameshapata jibu la bei rahisi kuliko yote. Mfano wa hapa chini utaonyesha kwamba inaweza kushindwa na kanuni ya kalenda isiyofanya hesabu yoyote ya wiki kwa wiki.

Maneno matatu kabla ya hesabu

Hitaji halisi ni kiasi kinachobaki baada ya kutoa kilichopo stoo na kilichokwisha agizwa. Sabuni ikihitaji chupa 12,000 wiki hii na stoo zipo 2,000, hitaji halisi ni 10,000. Kanuni zote tatu zinaanzia hapa. Ukiziingizia mahitaji ambayo hayajatolewa stoki, unatengeneza chupa zilezile mara mbili.

Gharama ya kuandaa mashine ni ile inayotokea kila unapoanza bechi, iwe ya chupa 500 au 50,000. Gharama ya kutunza inahesabiwa kwa kila chupa na kwa kila wiki inayokaa stoo ikisubiri. Mtu anayepika maharage anazijua zote mbili. Anachemsha ya siku tatu kwa mara moja kwa sababu mkaa wa kuyaivisha ni uleule, lakini hachemshi ya wiki mbili kwa sababu yatachacha. Kanuni za bechi ni namna tofauti za kuamua siku hizo ziwe ngapi.

Sasa tuchukue kiwanda cha mfano cha sabuni ya maji Dar es Salaam, kinachojitengenezea chupa za lita 1. Mashine ya kupuliza chupa ni moja na inatumika pia kwa madumu madogo, kwa hiyo kila bechi ya chupa inaanza kwa kubadilisha kalibu. Tuseme mafundi wawili kwa saa tatu ni shilingi 15,000, plastiki inayopotea wakati wa kusafisha rangi ya zamani 25,000, umeme wa kupasha mashine moto 12,000, na chupa za kwanza zinazotoka zimepinda 8,000. Jumla ni shilingi 60,000 kwa kila bechi. Chupa zilizopinda zinasagwa na kurudishwa kwenye mashine, ndiyo maana kinachohesabiwa ni thamani iliyopotea tu, si bei nzima ya plastiki.

Kutunza tunakuweka shilingi 2 kwa chupa kwa wiki. Mtu akipiga hesabu ya mwaka atashtuka, kwa sababu chupa yenyewe ina thamani ya kama shilingi 250. Lakini chupa tupu ni hewa. Elfu thelathini zinakula karibu mita za ujazo 50 za ghala, hivyo sehemu kubwa ya hizo shilingi mbili ni nafasi, na riba ya hela iliyolala ni sehemu ndogo. Kwa bidhaa kama boliti mambo yangekuwa kinyume.

Mahitaji halisi ya wiki nane zijazo ni haya:

| Wiki | 1 | 2 | 3 | 4 | 5 | 6 | 7 | 8 |
|---|---|---|---|---|---|---|---|---|
| Chupa | 10,000 | 4,000 | 16,000 | 2,000 | 0 | 18,000 | 6,000 | 4,000 |

Jumla ni 60,000, wastani wa 7,500 kwa wiki. Mahitaji yanaruka ruka kwa sababu wateja wakubwa wanaagiza kwa mkupuo. Chupa tutazitoza gharama ya kutunza kwa kila mwisho wa wiki zinapobaki stoo. Chupa ya wiki ya 3 iliyotengenezwa wiki ya 1 inalala mara mbili, kwa hiyo inagharimu shilingi 4.

Hitaji kwa hitaji

Hapa hakuna cha kufikiria. Wiki ya 1 unatengeneza 10,000, wiki ya 2 unatengeneza 4,000, na kuendelea. Wiki ya 5 haina hitaji, hivyo mashine inaandaliwa mara saba. Mara saba kwa 60,000 ni shilingi 420,000, na kutunza ni sifuri.

Watu wengi wanaiona hii ndiyo kanuni ya kisasa, kwa kuwa wamesikia kwamba Wajapani hawaweki stoki. Wanasahau kilichotangulia. Mwaka 1969 mhandisi Shigeo Shingo alishughulikia mashine ya kukandamiza bati ya tani 1,000 pale Toyota, ambayo kuibadilisha kulichukua saa nne. Muda ulishushwa kwanza hadi dakika tisini, na mwishowe hadi dakika tatu. Bechi ndogo zilikuja baada ya hapo. Kwenye kiwanda chetu hitaji kwa hitaji ni ghali kwa sababu ya zile 60,000. Zikishuka hadi 5,000, wiki zote nane zitagharimu 35,000 tu na kanuni nyingine hazina la kusema. Anayeiga bechi ndogo bila kupunguza muda wa kufunga kalibu ameiga nusu, tena ile nusu yenye gharama.

Kanuni hii ina tabia nyingine inayojitokeza siku ya kwanza ya matumizi: haina pa kujificha. Kwa kuwa unatengeneza kiasi kamili cha hitaji, kila chupa mbovu inakuwa upungufu. Kama chupa 3 katika kila 100 zinakataliwa, kuagiza 10,000 kunakupa nzuri 9,700, na Ijumaa mstari wa kujaza unasimama ukisubiri chupa 300. Unagawa hitaji kwa 0.97, unaagiza kama 10,310. Kwenye bechi kubwa kasoro hiyo ingefunikwa na stoki ya wiki zinazofuata, na hakuna ambaye angeiona.

Kipindi maalumu

Hii inasema kila bechi ibebe mahitaji ya wiki kadhaa, na idadi ya wiki haibadiliki. Kinachobadilika ni kiasi, na hapo ndipo watu wanapoichanganya na kiasi maalumu, ambacho kinasema kila bechi iwe mfano chupa 20,000 bila kujali zitamaliza wiki ngapi. Kwa mahitaji yanayoruka ruka tofauti ni kubwa. Kiasi maalumu karibu kila mara kinaacha mabaki yasiyotosha hata wiki moja inayofuata, yanalala tu. Kipindi maalumu kinamaliza stoo hadi sifuri kila kinapofika mwisho.

Kipindi kiwe kirefu kiasi gani? Viwanda vingi vinachagua mwezi kwa sababu ripoti ni za mwezi, na hiyo si sababu. Hesabu ya kuanzia inatokana na fomula ya mhandisi Ford Harris ya mwaka 1913: mara mbili ya gharama ya kuandaa, gawa kwa wastani wa mahitaji ukizidisha na gharama ya kutunza, kisha chukua kipeuo cha pili. Kwenye Excel:

```
=SQRT(2*60000/(7500*2))
```

Jibu ni 2.83, tunaliita wiki 3. Bechi ya kwanza inabeba wiki ya 1 hadi ya 3: chupa 30,000. Zile 4,000 za wiki ya 2 zinalala wiki moja, shilingi 8,000; zile 16,000 za wiki ya 3 zinalala wiki mbili, shilingi 64,000. Bechi ya pili ni ya wiki ya 4 hadi ya 6, chupa 20,000, na kutunza ni 72,000 kwa sababu ya zile 18,000 za wiki ya 6. Bechi ya tatu inabeba wiki ya 7 na ya 8, chupa 10,000, kutunza 8,000. Tumeandaa mashine mara tatu, 180,000, na kutunza 152,000. Jumla ni shilingi 332,000.

Tumeokoa 88,000 kuliko hitaji kwa hitaji, na bila akili nyingi. Angalia lakini kilichotokea kwenye bechi ya pili: kalenda iliangukia wiki ya 4, yenye hitaji dogo la 2,000, ikalazimisha chupa 18,000 zitengenezwe wiki mbili mapema. Kalenda haijui kilicho ndani ya wiki.

Ukijaribu kipindi cha wiki mbili unakuta jambo ambalo maelezo mengi yanaliruka. Ukifuata kalenda kwa ukali, yaani 1–2, 3–4, 5–6, 7–8, bechi ya tatu inatengenezwa wiki ya 5 ambayo haina hitaji lolote, na jumla inafika 296,000. Ukisema kipindi kianze kuhesabiwa kwenye wiki yenye hitaji, bechi hiyo inasogea hadi wiki ya 6, inabeba wiki ya 6 na ya 7, na jumla inashuka hadi 264,000. Mahitaji ni yaleyale na idadi ya wiki ni ileile, lakini shilingi 32,000 zimepotea au zimeokolewa kwa namna ya kuhesabu wiki tupu. Kabla ya kulaumu kanuni, uliza programu yako inafanya lipi kati ya hayo mawili.

Gharama ndogo kwa kipande

Sasa ile yenye jina zuri. Unaanza na wiki ya kwanza yenye hitaji. Unajumlisha gharama ya kuandaa na ya kutunza, unagawa kwa idadi ya chupa. Kisha unaongeza wiki inayofuata, unagawa tena. Wastani ukishuka unaendelea, ukipanda unarudi hatua moja na kufunga bechi. Wiki iliyobaki nje inaanza bechi mpya.

Bechi ya kwanza:

| Inabeba wiki | Chupa | Gharama | Kwa chupa |
|---|---|---|---|
| 1 | 10,000 | 60,000 | 6.00 |
| 1–2 | 14,000 | 68,000 | 4.86 |
| 1–3 | 30,000 | 132,000 | 4.40 |
| 1–4 | 32,000 | 144,000 | 4.50 |

Wastani umepanda kwenye wiki ya 4, tunafunga kwa 30,000. Bechi ya pili inaanzia wiki ya 4:

| Inabeba wiki | Chupa | Gharama | Kwa chupa |
|---|---|---|---|
| 4 | 2,000 | 60,000 | 30.00 |
| 4–5 | 2,000 | 60,000 | 30.00 |
| 4–6 | 20,000 | 132,000 | 6.60 |
| 4–7 | 26,000 | 168,000 | 6.46 |
| 4–8 | 30,000 | 200,000 | 6.67 |

Tunafunga kwa 26,000, na wiki ya 8 inabaki peke yake na chupa 4,000 na gharama yake ya 60,000. Jumla ya bechi tatu: 132,000 na 168,000 na 60,000, yaani shilingi 360,000. Kanuni yenye jina la gharama ndogo imezidiwa kwa 28,000 na kalenda ya wiki tatu, na kwa 96,000 na kalenda ya wiki mbili inayoruka wiki tupu.

Hakuna kosa la hesabu hapo. Sababu imo ndani ya kanuni yenyewe, na ukiitazama kwa karibu utaacha kuiamini kwa jina. Tazama wiki ya 3 ilipoingizwa kwenye bechi ya kwanza. Kabla yake wastani ulikuwa 4.86. Kila chupa ya wiki ya 3 inaleta gharama ya kulala wiki mbili, shilingi 4. Namba 4 ni ndogo kuliko 4.86, kwa hiyo ukizichanganya wastani lazima ushuke. Utashuka zikiwa chupa 16,000, utashuka zikiwa 1,000, na utashuka zikiwa 100,000! Kanuni haijauliza hata mara moja hitaji linaloingizwa ni kubwa kiasi gani. Inalinganisha gharama ya kuilaza chupa moja na wastani uliopo, basi.

Swali la maana kwa kiwanda ni lingine: kuzilaza chupa zote za wiki ya 3 kunagharimu 64,000, na kuwaita mafundi wafunge kalibu upya wiki ya 3 kunagharimu 60,000. Umelipa 64,000 ili kukwepa 60,000. Bechi ya pili ni mbaya zaidi. Ilianza na hitaji dogo la 2,000, wastani ukawa shilingi 30 kwa chupa, na mbele ya wastani wa namna hiyo chochote kinaonekana rahisi. Zile 18,000 za wiki ya 6 zikavutwa nyuma kwa 72,000. Baada ya hapo wastani ulikuwa bado juu, 6.60, kiasi kwamba hata chupa za wiki ya 7, zinazolala wiki tatu kwa shilingi 6 kila moja, zikapita mlangoni. Hitaji dogo linapofungua bechi, bechi hiyo inakula kupita kiasi.

Kanuni hii ina jambo moja zuri kiufundi. Wastani ukishaanza kupanda kwa wiki yenye hitaji hautashuka tena ukiendelea mbele, kwa sababu kila wiki inayofuata chupa zake zinalala muda mrefu zaidi. Kwa hiyo kusimama panapopanda mara ya kwanza ni salama. Hatari iko kwenye wiki tupu. Tazama tena mstari wa 4–5: wastani umebaki 30.00, haukupanda wala kushuka. Aliyeandika jedwali lake la Excel lisimame wastani *usiposhuka*, badala ya *unapopanda*, atafunga bechi kwa chupa 2,000 papo hapo. Wiki ya 6 itaanza bechi yake, itabeba na ya 7, na ya 8 itabaki peke yake. Jumla ya mpango huo wenye kosa ni 324,000, nafuu kuliko 360,000 ya kanuni iliyofuatwa sawasawa. Ni bahati ya mfano huu tu, lakini inatosha kukuonyesha kwamba ukiipata kanuni sahihi kwenye kompyuta bado hujapata mpango mzuri.

Mpango wa chini kabisa ni upi?

Kwa mahitaji yanayojulikana wiki kwa wiki, na ukiacha kando uwezo wa mashine, njia ya kupata jibu la chini kabisa ilichapishwa na Harvey Wagner na Thomson Whitin mwaka 1958. Inapima mchanganyiko wa bechi zote badala ya bechi moja moja. Kwa kiwanda chetu inatoa hivi: wiki ya 1 tengeneza 14,000 za wiki mbili, wiki ya 3 tengeneza 18,000 za wiki ya 3 na ya 4, wiki ya 6 tengeneza 28,000 za wiki zilizobaki. Kutunza ni 40,000 na kuandaa 180,000.

| Kanuni | Mara za kuandaa | Kutunza | Jumla |
|---|---|---|---|
| Hitaji kwa hitaji | 7 | 0 | 420,000 |
| Gharama ndogo kwa kipande | 3 | 180,000 | 360,000 |
| Wiki 3, kalenda kali | 3 | 152,000 | 332,000 |
| Wiki 2, kalenda kali | 4 | 56,000 | 296,000 |
| Wiki 2, kuruka wiki tupu | 4 | 24,000 | 264,000 |
| Mpango wa chini kabisa | 3 | 40,000 | 220,000 |

Mpango huo, gharama ndogo kwa kipande na kalenda ya wiki tatu zote zimeandaa mashine mara tatu. Tofauti yao imetoka kwenye wiki zipi zimefungua bechi. Mpango wa chini umehakikisha mahitaji makubwa, 16,000 na 18,000, yanafungua bechi yenyewe, na yale madogo yanapanda juu ya makubwa yaliyotangulia.

Jambo hilo unaweza kulifanya kwa kalamu bila hesabu za Wagner na Whitin. Gawa gharama ya kuandaa kwa gharama ya kutunza: 60,000 kwa 2 ni 30,000. Hiyo ni idadi ya chupa-wiki zinazolingana na kufunga kalibu mara moja. Kabla ya kuvuta hitaji lolote nyuma, zidisha kiasi chake na wiki litakazolala. Wiki ya 3 ni 16,000 mara 2, yaani 32,000, imepita 30,000, usivute. Wiki ya 6 kurudi wiki ya 4 ni 36,000, usivute. Hitaji likishindwa mtihani huu hakuna mpango mzuri unaoweza kulivuta, kwa kuwa kulifungulia bechi yake ni nafuu daima, ilimradi mashine ina nafasi wiki hiyo.

Ukiiongezea gharama ndogo kwa kipande kizuizi hicho kimoja, mpango wake unashuka kutoka 360,000 hadi 264,000. Pengo linalobaki linatoka wiki ya 8, ambayo bado inaachwa peke yake. Hiyo nisingeihangaikia sana. Iko ukingoni mwa upeo wa mpango, na wiki ijayo wiki ya 9 ikiingia, zile 4,000 huenda zikapata mwenzao. Bechi ya mwisho kwenye mpango wowote ni ya kubuni zaidi ya nyingine, haifai kununuliwa plastiki leo.

Mambo ambayo jedwali halionyeshi

La kwanza ni kutikisika kwa mpango. Tuseme mteja wa wiki ya 4 amefuta oda yake ya chupa 2,000. Kwenye hitaji kwa hitaji kibechi kimoja kidogo kinafutika, mambo yanaendelea. Kwenye gharama ndogo kwa kipande, bechi iliyokuwa ya 26,000 wiki ya 4 inatoweka, na inaibuka bechi ya 24,000 wiki ya 6. Chupa 2,000 zimehamisha kazi ya siku kadhaa kwa wiki mbili, na kama plastiki iliagizwa kwa ajili ya wiki ya 4, inafika na kukaa. Aliye ofisi ya manunuzi anaona mfumo "umechanganyikiwa". Dalili ni hiyo: tarehe za bechi kubwa zinaruka kila mpango unapoendeshwa upya ilhali oda zimebadilika kidogo tu. Dawa ya kawaida ni kufunga wiki za karibu, mfano mbili au tatu, zisiguswe na kompyuta bila mtu kuidhinisha.

La pili ni uwezo wa mashine. Ikitoa chupa 600 kwa saa, bechi ya 30,000 ni saa 50, na kufunga kalibu kunaifikisha 53. Kiwanda cha shifti moja ya saa 45 kwa wiki hakiimalizi ndani ya wiki, na madumu yanasubiri nyuma yake. Kanuni zote tatu hazilioni hilo. Hata ile 60,000 inabadilika maana: mafundi wanalipwa mshahara uleule hata kama hawajafunga kalibu, kwa hiyo wakati mashine ina nafasi, shilingi 15,000 za muda wao si hela inayotoka. Mashine ikibanwa, saa tatu za kusimama ni chupa 1,800 ambazo hazikutengenezwa, na gharama ya kweli inaweza kupita 60,000. Wanaoweka namba moja mwaka mzima wanapata bechi zilezile Januari na Desemba.

Kwa wanaotumia programu ya SAP, uchaguzi wenyewe umo kwenye ukurasa wa `MRP 1` wa bidhaa, kisanduku cha `Lot size`. `EX` ni hitaji kwa hitaji, `WB` inakusanya mahitaji ya wiki, `MB` ya mwezi, na `WI` ni gharama ndogo kwa kipande. Ukiweka `WI`, mfumo unataka gharama isiyotegemea ukubwa wa bechi na asilimia ya kutunza kwa mwaka inayopigwa kwenye bei ya bidhaa. Asilimia hiyo mara nyingi inajazwa na mhasibu kwa riba ya benki peke yake. Kwa boliti haidhuru sana. Kwa chupa tupu nafasi ya ghala inakuwa imeachwa nje, kulala stoo kunaonekana karibu bure, na kompyuta inapendekeza bechi ambazo mlango wa stoo hauwezi kuzimeza.

Kama lazima kuchagua leo bila kupima chochote zaidi: vitu vya bei kubwa, vya oda maalumu au visivyohitaji kubadilisha mashine viende hitaji kwa hitaji. Chupa, lebo na maboksi yanayotumika karibu kila wiki yakae kwenye kipindi maalumu cha wiki mbili au tatu kinachoruka wiki tupu, maana fundi na mtu wa stoo wataweza kukikumbuka bila kufungua kompyuta. `WI` ningeiacha kwa bidhaa zenye mahitaji yanayokaribiana wiki kwa wiki, tena pale ambapo kuna mtu wa kupitia orodha na kutafuta bechi zinazoanza na hitaji dogo.